Kiraka kilichobanduka chote: kisa cha kifuniko cha pikipiki mjini Goma

Kifuniko chenyewe ni kile cha ubavu wa kushoto wa pikipiki, kinachokaa chini ya kiti na kuficha betri. Motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria kutoka mtaa wa Ndosho, alikileta karakana kikiwa kimeshikiliwa kwa kamba ya mpira. Ufa wake ulianzia kwenye kigingi cha chini, kile kipande cha plastiki kinachoingia kwenye tundu la chesisi, ukapanda kwa sentimeta 14 hadi karibu na ukingo wa juu. Kigingi chenyewe kilikuwa kimevunjika nusu. Kwa ndani palikuwa na kiraka cha faiba, kipana kuliko kiganja, kilichowekwa na karakana nyingine.

"Papa, hii nililipia," alisema. "Walisema ni ngumu kama chuma. Ona sasa."

Akashika pembe ya kiraka kwa vidole viwili na kukivuta. Kilitoka chote kwa mkupuo mmoja, kama ganda la ndizi iliyoiva. Plastiki iliyobaki chini yake ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo.

Kiraka kilichobanduka ni ushahidi, nami humwomba kila mteja asikitupe. Hiki nilikigeuza na kukitazama upande uliokuwa umelala juu ya plastiki. Uling'aa. Tena juu yake zilionekana herufi tatu zilizopinduliwa, zilizonakiliwa kutoka kwenye alama ya kiwandani iliyochongwa ndani ya kifuniko: >ABS<. Maana yake resini, ule uji unaolowesha nyuzi za faiba kisha ukaganda, iligusa plastiki kila mahali, ikaingia hata kwenye mifereji myembamba ya herufi, lakini haikushika popote. Kiraka kinachoshika kisha kikavunjika kwa kuzidiwa na mzigo huondoka na vipande vya plastiki, au huacha nyuzi zimeng'ang'ania. Kinachotoka safi hakikuwahi kushika tangu siku ya kwanza.

Sababu ilikuwa hapo hapo. Upande wa ndani wa kifuniko hicho hutazama mnyororo, na mnyororo hurusha grisi. Nilipitisha kitambaa cheupe mahali ambapo kiraka hakikufika, kikatoka na rangi ya kahawia. Wala hapakuwa na alama yoyote ya msasa. Resini ilikuwa imelazwa juu ya utando wa grisi, na chini ya grisi plastiki ilikuwa laini kama ilivyotoka kiwandani.

Kulikuwa na dalili ya pili, ambayo haihusiani na ya kwanza. Upande wa juu wa kiraka ulinata na ulikuwa umekusanya vumbi jeusi la mawe ya volkano, lile linalojaa barabara zetu. Kunata kwa juu peke yake si kosa kubwa, nitaeleza baadaye. Lakini nilipobonyeza ukucha, ulizama. Nilipokikunja kipande hicho, chenye unene wa karibu milimita 4, kilipinda kama ngozi ya kiatu bila kulia. Na kilikuwa bado kinanukia ile harufu kali yenye utamu ya stirini, kimiminika kilichomo ndani ya resini mbichi, wiki kadhaa baada ya kupakwa. Resini ya poliesta iliyokomaa haifanyi hivyo. Hii haikukomaa, na isingekomaa kamwe.

Nilimuuliza kazi ilifanyika saa ngapi. Alisema alikiacha jioni, mvua ikinyesha, akakichukua asubuhi yake kutoka kwenye baraza. Goma tuko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana tunapata nyuzi 20 na kitu, lakini usiku wa mvua joto hushuka hadi karibu 15, na hapo poliesta ya kawaida karibu inalala. Maelezo mengi yaliyoandikwa kwenye makopo hudhani chumba kina nyuzi 20 hadi 25. Mtu wa pwani hupigana na resini inayoganda upesi mno. Sisi huku hupigana na isiyoganda.

Kabla ya kukubali kazi kulikuwa na swali moja la kumaliza, kwamba kifuniko ni cha plastiki ya aina gani, na zile herufi tatu zililimaliza. ABS inapokea poliesta. Stirini iliyo ndani ya resini hulainisha uso wa ABS kidogo, na resini inapoganda huwa imeingiliana nao. Kama alama ingesomeka >PP< au >PP+EPDM<, ningemwambia akatafute kifuniko kingine au fundi wa kuchomelea plastiki kwa hewa moto. Polipropilini, ndiyo hiyo PP, haishikwi na poliesta wala na epoksi, ambayo ni resini ya aina nyingine, hata ukiipiga msasa vizuri namna gani, mpaka uso wake uandaliwe kwa moto au kwa kipako maalumu, na hata hapo mimi sikuamini sana kwa kitu kinachotikiswa siku nzima. Bampa nyingi za magari ni za jamii hiyo. Alama ikiwa imefutika, kata kakipande kadogo kutoka ukingoni, kaoshe, ukatumbukize ndani ya maji yenye tone la sabuni: PP huelea, ABS huzama. Jaribio hilo halikuambii kila kitu, maana ziko plastiki nyingine zinazozama, lakini linakuzuia kupoteza resini juu ya kitu kisichoshikika.

Na kama kingekuwa cha mbao, kwa mfano ubao wa plaiwudi wa mtumbwi wa injini, nisingetumia poliesta kabisa. Kwenye mbao poliesta hushika juu juu na hubanduka mbao inapovimba kwa unyevu. Huko ni epoksi, na mbao iwe imekauka kwelikweli.

Turudi kwenye ABS. Nilianza na maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mara mbili, kwa brashi, kabla ya msasa wowote. Mpangilio huu nausisitiza kwa kila kijana anayejifunza kwangu. Ukipiga msasa kwanza, unaisukuma grisi iingie ndani ya mikwaruzo, na hapo hakuna sabuni itakayoifikia. Kikikauka, unafuta kwa spiriti na kitambaa safi, ukigeuza kitambaa kila mara. Petroli huacha mafuta yake. Asetoni huiyeyusha ABS, kwa hiyo chupa yake ilikaa mbali na kifuniko hiki mpaka mwisho.

Kisha nikatafuta mwisho halisi wa ufa. Ukiikunja ABS taratibu, sehemu iliyokwisha kuumia huwa nyeupe, na weupe huo huenda mbele zaidi ya mahali jicho linapoona ufa umeishia. Hapa ulikwenda karibu nusu sentimeta zaidi. Nilitoboa tundu la milimita 3 pale weupe ulipokoma. Ncha kali ya ufa ndiyo inayopasua mbele. Tundu la mviringo huutawanya mkazo, na ufa hauendelei chini ya kiraka.

Upande wa nje niliuunganisha ukalingana sawasawa, nikaubana kwa utepe wa karatasi urefu wote. Upande wa ndani nikapiga msasa namba 80 sentimeta 5 kila upande wa ufa, mpaka mng'ao ukaisha kabisa, hata ndani ya kona. Ukigeuza kifuniko kwenye mwanga na kuona sehemu hata moja bado inang'aa, hapo ndipo kiraka kitaanzia kuachia. Futa vumbi kwa spiriti tena, na baada ya hapo usiguse kwa kidole kitupu.

Vitambaa nilikata kabla ya kufungua resini. Viwili vilikuwa vya mkeka wa faiba, ule wenye nyuzi fupi zilizotawanyika ovyo, wa gramu 300 kwa mita ya mraba: kimoja sentimeta 22 kwa 10, cha pili 18 kwa 7. Cha tatu kilikuwa kitambaa kilichofumwa, cha gramu 200, sentimeta 16 kwa 5. Mkeka hutangulia kwa sababu hubeba resini nyingi na hulala vizuri kwenye uso wa plastiki. Kilichofumwa huja juu kuleta nguvu ya kuvuta. Kingo za mkeka sikuzikata kwa mkasi, nilizichana kwa mkono, ili nyuzi ziishie taratibu badala ya kufanya ngazi kali.

Kikubwa kinatangulia au kidogo? Wako mafundi wazuri wanaoanza na kidogo. Mimi kwenye plastiki nyembamba naanza na kikubwa, ili eneo lote lililopigwa msasa lishikwe na kipande kimoja kisichokatika, halafu vinavyofuata vipungue. Kiraka kinakuwa kinene juu ya ufa na chembamba kingoni. Ukingo mnene unaoishia ghafla juu ya plastiki ya milimita 2.5 huzaa ufa mpya pembeni ya ule wa zamani, na ufa wa namna hiyo nimeuona kwenye kazi nyingi.

Sasa vipimo. Vipande viwili vya mkeka vilikuwa na uzito wa gramu 10 na nusu hivi, na mkeka hutaka resini mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wake. Kilichofumwa hutaka karibu uzito wake tu. Jumla haifiki gramu 30, lakini kuna mpako wa kwanza, kuna inayobaki kwenye brashi na kopo, kwa hiyo nikapima gramu 50. Mizani ndogo kama zile za wanunuzi wa dhahabu inatosha. Kigumishi chake, ambacho ni peroksidi ya maji maji, nilitia asilimia 2, yaani gramu 1, ambayo ni karibu mililita 0.9 kwenye bomba la sindano kutoka famasi. Kwenye joto la nyuzi 25 na zaidi ningetia asilimia 1 au 1 na nusu. Chini ya asilimia 1 sishuki, kwa sababu resini hiyo inaweza kubaki laini milele. Juu ya 2 kwa wingi pia ni hasara: inachemka, inajikunja na kupasuka, na plastiki nyembamba hupinda pamoja nayo. Kuhesabu matone kwa jicho, chupa moja ikiwa na mdomo mpana na nyingine mwembamba, ndiko kunakozaa viraka kama kile kilichopinda kama ngozi.

Kigumishi hicho kikiingia jichoni kinaweza kupofusha, kwa hiyo miwani ni lazima, na maji mengi yawe karibu. Ukikutana na kichapuzi cha kobalti kikiuzwa peke yake, kisikutane kamwe na kigumishi moja kwa moja. Vikichanganyika vyenyewe huweza kulipuka. Resini nyingi za dukani zimeshatiwa kobalti tayari. Mlango wa karakana ulikuwa wazi, nilivaa glavu, na barakoa yenye kichujio cha mvuke, si ile ya kitambaa.

Nilianza saa nne asubuhi, jua likiwa limekwisha kupasha ukuta. Kifuniko na kopo la resini vilikuwa vimekaa ndani tangu asubuhi ili vyote viwe na joto moja. Plastiki iliyotoka kwenye baridi hunyonya joto la resini, na safu ya chini, ile ile inayopaswa kushika, ndiyo inayochelewa kuganda.

Nilichanganya kwa dakika nzima nikikwangua kona za kopo, nikapaka kwanza mpako mwembamba wa resini tupu. Juu yake mkeka mkubwa. Hapa brashi haipakwi, inachomwa: unagonga wima, kutoka katikati kwenda nje, unasukuma hewa. Ukiivuta kama unayepaka rangi, nyuzi zinafuata brashi na mkeka unachanika. Mkeka mkavu ni mweupe. Ukinywa resini unakuwa kama kioo, unaona plastiki chini yake. Doa jeupe lililobaki ni hewa, na kila doa ni mahali ambapo hakuna kiraka. Ngoja nusu dakika, resini iyeyushe gundi inayoshikilia nyuzi za mkeka, ndipo ugonge tena. Stirini ndiyo inayoyeyusha gundi hiyo. Epoksi haina stirini, na ndiyo maana mikeka mingi hukataa kulowa kwenye epoksi na kubaki na madoa. Kwa epoksi tumia kilichofumwa.

Kipande cha pili kikafuata mara moja, cha kwanza kikiwa bado kibichi, kisha cha tatu. Safu zinazowekwa zikiwa mbichi huganda kuwa kitu kimoja. Ukichelewa mpaka kesho yake, unarudi kwenye msasa kabla ya kuendelea. Resini iliyotuama kwenye kona niliifyonza kwa brashi kavu. Ile karakana nyingine iliweka milimita 4 za resini na safu moja ya mkeka inayoelea ndani yake. Resini tupu haina nguvu, huvunjika kama kioo cha dirisha. Safu zangu tatu hazikufika milimita 2.

Mwisho nililaza juu yake karatasi laini ya nailoni, nikaibana kwa kidole kutoka katikati mpaka hewa yote ikatoka. Hii ndiyo dawa ya kunata. Hewa ya oksijeni huzuia uso wa poliesta kuganda, kwa hiyo resini ya kupanga safu, isiyo na nta, huachwa na utando unaonata hata kama chini yake ni ngumu. Nailoni ya polietilini inafungia hewa nje, na haishikwi na resini, kwa sababu ile ile polipropilini haishikwi.

Baada ya dakika 20 hivi mabaki ndani ya kopo yaligeuka jeli, halafu yakawa moto. Kijana wa karakana alitaka kuutoa utepe. Nilimzuia. Resini iliyo nyingi kwenye kopo hutunza joto lake na kujiharakisha. Ile ya kwenye kifuniko imetandazwa, inapoteza joto, na huchelewa. Kopo gumu halikupi habari za kiraka. Kiraka chenyewe kilifika hali ya ngozi karibu saa moja baadaye, na hapo ndipo nilipokata masalia ya kingo kwa kisu, kazi ambayo kesho yake ingehitaji msumeno.

Kilipokwisha kuganda, si kabla, nilikitoa juani mpaka alasiri. Jua kali juu ya resini mbichi huchemsha upande mmoja. Juu ya resini iliyoganda hukomaza kilichobaki. Usiku kikarudi ndani, mbali na baraza.

Kesho yake nikatoa nailoni. Uso ulikuwa mkavu. Ukucha haukuacha alama. Niligonga kwa sarafu kuanzia ukingo hadi katikati, na mlio ukawa mkali na ule ule kote. Mlio mzito, wa kama kitu kitupu, ungekuwa hewa au mahali palipoachia. Kingekuwa bado kinanata ningefuta kwa asetoni juu ya kiraka tu, kwa kitambaa kilicholowa kidogo, kisha nikajaribu ukucha tena. Chini kukiwa kugumu, ni utando wa juu, unaondoka kwa msasa. Chini kukiwa laini, kiraka chote kinatolewa. Kupaka safu nyingine yenye kigumishi kingi juu ya isiyokomaa hakuikomazi ile ya chini.

Upande wa nje ulikuwa wa haraka: mfereji wa V wa kina cha milimita 1 hivi juu ya ufa, mastiki ya poliesta, msasa wa maji namba 180 halafu 320, kipako cha msingi na rangi. Kwa maji, kwa sababu vumbi la faiba si la kuvuta puani.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa kigingi. Ufa ulikuwa umeanzia pale, na ufa huanzia mahali penye sababu. Nilipochungulia chesisi nikaona tundu lake ni chuma kitupu. Ile pete ya mpira inayotakiwa kukaa humo ilikuwa imepotea, na mtu alikuwa amezungushia waya kwenye kigingi ili kisicheze. Kwenye mawe ya lava ya kuelekea Sake, kila mtikisiko wa chesisi ulikuwa ukigonga mzizi wa kigingi moja kwa moja. Kiraka bora kabisa kingehamisha tu ufa mahali pengine.

Kigingi nilikijenga upya kwa nyuzi zilizochambuliwa kutoka kwenye kitambaa, zikalowa resini, nikazizungushia kwenye kipande kilichobaki na kuzitandaza shinani juu ya kiraka, ili mzigo ugawanyike. Nilifanya hivyo kwa mizunguko miwili, maana donge nene la resini mahali pamoja hupata moto mno na kupasuka ndani. Nikachonga kwa tupa mpaka kipenyo kikapungua kuliko tundu. Nafasi iliyobaki nikaijaza kwa pete iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu ya tairi.

Nilimwambia asikifunge kwanza, akiache siku kadhaa, kwa sababu poliesta kwa baridi yetu huendelea kuongeza ugumu hata baada ya kuonekana imemaliza. Hakupenda, pikipiki bila kifuniko hupigwa na mvua kwenye betri. Tulikubaliana afunike betri kwa nailoni na arudi mwisho wa wiki.

"Na nitajuaje kama inaanza kutoka tena?" aliuliza.

Nilimwonyesha ukingo wa kiraka kwa ndani. Kiraka kinachoachia huanza na mstari mweupe mwembamba pembeni, mara nyingi kwenye kona iliyo karibu na mzigo. Akiuona huo, alete mapema, ukingo usagwe na urudiwe. Na kila anapoosha pikipiki aguse ile pete ya mpira. Ikikatika au ikidondoka, asiendeshe na waya mahali pake.

Aliporudi tulikifunga pamoja. Kilikaa bila kulazimishwa na bila kucheza, na ile kamba ya mpira akaifunga kwenye usukani, akasema itamfaa kwa mizigo.